Kuuza mifugo au shamba kulipa deni: Hesabu ya kufanya kabla ya kwenda mnadani

Kwa miezi 14 mfululizo, kila tarehe 5, baba wa familia hii alikuwa akipeleka Sh150,000 kwa aliyemkopesha. Alikopa Sh1.5 milioni baada ya mkewe kufanyiwa upasuaji wa dharura, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Hadi Oktoba alikuwa ameshatoa Sh2.1 milioni, lakini deni lilikuwa bado Sh1.5 milioni, kama siku ya kwanza. Fedha zote alizopeleka zilikuwa riba tupu.

Wanandoa hawa wa mfano wetu wanaishi Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, na wana watoto watatu. Wanalima ekari 5 za mahindi. Wana ng'ombe mmoja wa maziwa, maksai wawili wa kulimia, mtamba mmoja ambaye hajashika mimba, na mbuzi tisa. Ukiwatazama kwa mbali si maskini. Lakini ili riba ipatikane walianza kuuza maziwa yote, hata yale ya watoto. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho, mstari wa uzito ulilala kwa miezi mitatu bila kupanda.

Muuguzi alipouliza mtoto anakula nini, mama alijibu kuwa anakula uji wa mahindi na chai ya rangi. Jioni hiyo ndipo mazungumzo yalipoanza nyumbani.

"Baba watoto, tuna ng'ombe zizini, mtoto anakunywa chai ya rangi. Tunamlishia nani?" mama aliuliza.

Baba alikuwa na wazo lake: wauze ekari moja ya shamba. Jirani alikuwa tayari kutoa Sh900,000. Mama hakukubali. Alisema shamba likishaondoka halirudi. Baba naye hakutaka kusikia habari ya kuuza ng'ombe, kwa kuwa mifugo ndiyo akiba aliyoachiwa na baba yake. Usiku huo walilala bila kukubaliana, na siku tano baadaye riba nyingine ikalipwa.

Familia nyingi hukwama hapo, kwa sababu mjadala unakuwa wa kuuza au kutouza. Swali linalosaidia zaidi ni hili: kila shilingi iliyo kwenye deni inakula kiasi gani kwa mwezi, na kila shilingi iliyo kwenye mali inaleta kiasi gani?

Kwanza, ujue deni lenyewe

Kabla ya kupiga hesabu ya mali, mzazi anapaswa kumuuliza mkopeshaji swali moja: "Nikilipa yote leo, natakiwa kutoa kiasi gani?" Jibu liandikwe kwenye karatasi.

Swali hili lina uzito kwa sababu mikopo haifanani. Mkopo wa familia ya Kongwa ni ule wa kulipa riba kila mwezi huku deni la msingi likibaki palepale. Mkopo wa aina hii hauna mwisho. Ukilipa riba kwa miaka mitano, mwaka wa sita bado unadaiwa fedha ileile uliyopokea. Hapa kumaliza deni mapema kunaokoa fedha nyingi.

Mkopo mwingine ni wa marejesho, ambao riba yake yote imeshapigwa tangu mwanzo. Tuseme mtu amekopa Sh1.2 milioni kwa miezi 12, na riba ni asilimia 3 ya mkopo wote kwa kila mwezi. Riba ni Sh36,000 kwa mwezi, yaani Sh432,000 kwa mwaka, hivyo kila mwezi anarejesha Sh136,000. Baada ya miezi minane anabakiza marejesho manne, jumla Sh544,000. Kati ya hizo, deni la msingi ni Sh400,000 na riba ambayo bado haijafika ni Sh144,000.

Mtu huyu akiuza mbuzi ili amalize deni, halafu mkopeshaji akadai Sh544,000 zote, hajaokoa hata senti. Amewahisha tu fedha ambazo angezilipa taratibu, na mbuzi wameondoka. Lakini mkopeshaji akikubali kuondoa riba ya miezi ijayo na kupokea Sh400,000, hapo kuuza kuna maana. Ndiyo sababu kiasi cha kumaliza deni leo hujulikana kabla mnyama hajafunguliwa kamba.

Hesabu ya kila laki moja

Njia nyepesi ya kulinganisha deni na mali ni kuvigawa vyote katika laki moja moja. Deni la asilimia 10 kwa mwezi linakula Sh10,000 kwa kila laki moja. Sasa wanandoa wetu waliorodhesha mali yao na kujiuliza kila laki moja iliyolala pale inaleta nini.

Walianza na ng'ombe wa maziwa, ambaye bei yake ni kama Sh1.3 milioni. Anatoa lita tano kwa siku. Wakiwaachia watoto lita mbili na kuuza tatu kwa Sh1,000, wanapata Sh90,000 kwa mwezi. Wakitoa pumba na dawa, inabaki Sh60,000. Lita mbili za watoto nazo zina thamani, kwa sababu wasipokuwa na ng'ombe watazinunua kwa Sh60,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh120,000. Lakini ng'ombe hukauka kama miezi mitatu kabla ya kuzaa, hivyo kwa wastani wa mwaka mzima ni Sh90,000 kwa mwezi. Kila laki moja ya ng'ombe huyu inaleta karibu Sh7,000.

Maksai wawili wana thamani ya Sh1.7 milioni kwa pamoja. Msimu wa kulima wanalima ekari 5 za nyumbani, kazi ambayo kwa kukodi ingegharimu Sh200,000. Pia wanalimia majirani ekari 12 kwa Sh40,000 kila moja, sawa na Sh480,000. Jumla ni Sh680,000 kwa mwaka, au kama Sh57,000 kwa mwezi. Kila laki moja inaleta Sh3,300.

Mtamba ana bei ya Sh600,000. Hana maziwa na hajashika mimba, lakini anakua. Wakimtunza vizuri, baada ya mwaka anaweza kufika Sh750,000. Ongezeko hilo la Sh150,000 ni sawa na Sh12,500 kwa mwezi, yaani karibu Sh2,100 kwa kila laki moja.

Ekari moja ya shamba, kwa bei ya Sh900,000, inatoa magunia sita ya mahindi. Kwa Sh60,000 kwa gunia ni Sh360,000. Wakitoa Sh200,000 za mbegu, mbolea, palizi na kuvuna, inabaki Sh160,000 kwa mwaka. Kila laki moja inaleta kama Sh1,500 kwa mwezi.

Karatasi ilipokamilika, walinyamaza wote wawili. Hakuna mali hata moja iliyofika Sh10,000. Baba aliyeamini kuwa anailinda akiba ya baba yake aliona kuwa hakuna ng'ombe wala shamba lake linaloongezeka kwa kasi ya asilimia 10 kila mwezi. Na mnyama anaweza kufa kwa ndigana au kwa kiangazi, lakini riba haifi.

Kipi kiende kwanza

Kama wangefuata namba peke yake, shamba ndilo lingetoka kwanza, kwa kuwa linaleta kidogo kuliko vyote. Hapa ndipo hesabu inapohitaji kusaidiwa na mambo mengine mawili.

La kwanza ni kama kitu kinaweza kurudi. Mbuzi wakiuzwa leo, majike waliobaki watazaa. Mtamba anaweza kununuliwa mwingine. Ekari iliyo karibu na nyumbani ikishapata mwenyewe, huenda isiuzwe tena, na ikiuzwa bei haitakuwa ile ya zamani.

La pili ni chakula cha watoto. Mali inayoingia moja kwa moja kwenye sufuria huwekwa mwisho. Ng'ombe wa maziwa yuko hapo, na sehemu ya shamba inayotoa mahindi ya kula mwaka mzima iko hapo. Familia ya watu watano inahitaji kama magunia saba ya mahindi kwa mwaka. Kwa mavuno ya magunia sita kwa ekari, ekari mbili za kwanza ni za tumbo na hazifai kuguswa. Zilizobaki ndizo zinazoweza kujadiliwa.

Kwa hiyo mpangilio ulikuwa huu: wanyama ambao hawatoi kitu kwa sasa, yaani mbuzi madume na mtamba, wanatangulia. Baada yao ni maksai. Kisha ekari moja iliyo nje ya zile za chakula. Ng'ombe wa maziwa anabaki wa mwisho.

Mbuzi madume wanne, kwa Sh80,000 kila mmoja, walileta Sh320,000. Mtamba alileta Sh600,000. Baada ya kulipa ushuru wa mnada na kumpa dalali chake, walibaki na Sh900,000. Bado ilipungua Sh600,000.

Kabla ya kuuza zaidi, badilisha deni

Hapa wangeweza kuwauza maksai, na hesabu ingewaruhusu. Kuishi bila maksai kungewagharimu Sh680,000 kwa mwaka, ilhali riba ya Sh1.5 milioni ingekula Sh1.8 milioni katika mwaka huohuo. Familia isiyo na njia nyingine haikosei ikiwauza.

Lakini mama alikuwa mwanachama wa Saccos na alikuwa na akiba ya Sh200,000. Chama chake kinamruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio lililobaki. Alipata Sh600,000 za kulipa kwa miezi 12. Mwezi wa kwanza atarejesha Sh59,000, yaani Sh50,000 za msingi na Sh9,000 za riba, kisha riba itapungua kila mwezi. Mpaka amalize, atakuwa amelipa riba ya Sh58,500 tu.

Deni hili jipya linakula Sh1,500 kwa kila laki moja. Maksai wanaleta Sh3,300. Kwa hiyo kwa deni la Saccos, maksai wasiuzwe. Waende shambani Desemba, na fedha ya kuwalimia majirani isaidie kulipa marejesho. Mali ni ileile, lakini riba ilipobadilika na jibu likabadilika.

Ndiyo maana si kila deni linastahili kuuziwa ng'ombe. Mkopo wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu unaotolewa na halmashauri hauna riba, hivyo hakuna faida ya kuuza mali ili kuuwahisha. Vilevile deni la hospitali kwa kawaida halina riba. Mzazi anayeshindwa kulipa gharama za matibabu katika hospitali ya Serikali anaweza kumuona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo na kuomba msamaha au kulipa kidogo kidogo. Hatua hii ifanyike kabla ya kukimbilia mkopo wa kausha damu.

Kungoja bei nzuri kuna gharama

Katika ukanda wa kati mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Ifikapo Septemba hadi Novemba malisho yamekwisha, mifugo imekonda, na wengi wanauza ili wapate fedha za mbegu na chakula. Bei hushuka. Baba alijua hilo, na alishauri wangoje hadi Mei mifugo inenepe.

Tuseme Mei wangepata Sh200,000 zaidi kwa mtamba na mbuzi wote. Kutoka Oktoba hadi Mei ni miezi saba, na riba ya miezi saba ni Sh1,050,000. Wangetoa zaidi ya milioni moja ili wapate laki mbili.

Kama deni lote la Sh1.5 milioni lingekuwa la Saccos, kwa asilimia 1.5, hata wakilipa riba tu, miezi saba ingegharimu Sh157,500. Hapo kungoja kungelipa, ingawa kwa kidogo, na kwa masharti kuwa hakuna mnyama atakayekufa au kuibwa. Riba ikiwa kali, siku nzuri ya kuuza ni mnada unaofuata. Riba ikiwa ndogo, familia inaweza kuchagua msimu.

Likifika suala la shamba

Zipo familia ambazo hazina mifugo, na kitu pekee kilichobaki ni ardhi. Kama deni linakula Sh10,000 kwa kila laki moja na shamba linaleta Sh1,500, kukataa kabisa kuuza kunaweza kuishia kwa kulipoteza shamba lote. Ni afadhali kuuza ekari moja kwa hiari na kwa bei ya kawaida kuliko kupokonywa zote tano.

Lakini ardhi ina taratibu zake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Baba anayeuza kimyakimya ili kuepuka ugomvi anaweza kuiacha familia na kesi juu ya deni. Pia ni vizuri kuuliza ofisi ya TRA kama mauzo hayo yana kodi kabla ya kupanga matumizi ya fedha.

Jambo la kuangalia zaidi ni pale mkopeshaji mwenyewe anaposema, "Nipe hilo shamba tumalizane." Kipimo ni rahisi: ekari kama hiyo, isiyo na deni, inauzwa kiasi gani kwa mtu mwingine? Kama ni Sh900,000 na deni ni Sh500,000, kumwachia ni kumpa laki nne za bure. Na wapo wakopeshaji wanaomsainisha mkopaji hati ya mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Anayegundua kuwa alisaini karatasi ya namna hiyo aende kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha msaada wa kisheria mapema, kabla hajalipa kitu kingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, hivyo mkopaji ana haki ya kuomba kuiona.

Fedha isilale nyumbani

Mauzo mengi ya kulipa deni huharibika baada ya mnada. Fedha ikifika nyumbani, bati linakumbukwa, ada inakumbukwa, ndugu naye anafika na shida yake. Wiki mbili baadaye mnyama hayupo na deni lipo.

Wanandoa wetu walipanga kinyume. Mkopo wa Saccos ulitoka Ijumaa, mnada ulikuwa Jumamosi, na tarehe 3, siku mbili kabla ya riba mpya kuhesabiwa, walikwenda pamoja kwa mkopeshaji na Sh1.5 milioni. Walilipa mbele ya mtendaji wa kijiji. Waliandikiana kuwa deni limekwisha, kiasi gani kimelipwa na tarehe gani, pande zote zikasaini. Mkataba wa zamani ulirudishwa. Anayekuwa ameacha kadi ya benki, cheti au hati kwa mkopeshaji anapaswa kuondoka navyo siku hiyohiyo, na namba ya siri ya kadi ibadilishwe.

Limebaki swali moja ambalo kila familia inapaswa kujiuliza kwa ukweli: deni lilitoka wapi? Hili lilitoka kwenye upasuaji uliotokea mara moja, hivyo kuuza kumelimaliza. Deni linalotokana na matumizi ya kila mwezi kuzidi kipato litarudi hata baada ya kuuza mtamba, na safari ya pili kutakuwa na mnyama mmoja pungufu zizini. Kwa familia ya namna hiyo, kupunguza matumizi au kuongeza kipato kunatangulia mnada.

Novemba tarehe 5 ilipofika, hakuna aliyekwenda kupeleka riba. Kutoka kwenye ile Sh150,000, Sh59,000 zilikwenda Saccos na nyingine zikanunua mbegu. Lita mbili za maziwa zilibaki jikoni. Kliniki ijayo ni mwisho wa mwezi, na mama ameshaiweka kadi kwenye mkoba.